Barua ya kuomba kufanyia kazi nyumbani: anza na hofu ya bosi

Nimekaa idara ya rasilimali watu miaka kumi na moja hapa Dar es Salaam, na barua za kuomba kufanyia kazi nyumbani nimezisoma nyingi. Karibu zote huanza na foleni. Foleni ya Kimara, nauli iliyopanda, mtoto anayeachwa amelala na kukutwa amelala. Yote ni kweli, lakini bosi anayesoma naye ametoka nyumbani saa 11 alfajiri kwa foleni hiyohiyo. Ukimweleza shida zako tu, unamwachia afikirie mwenyewe shida zake, na akizifikiria peke yake atakataa.

Nitaeleza kisa cha binti mmoja wa uhasibu, msaidizi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Alinijia na kurasa mbili. "Dada, naomba uniangalizie kabla sijampelekea mzee." Mzee ni meneja wa fedha, mtu wa taratibu zake, ambaye bado anapenda kuona karatasi mezani. Nilimrudishia zile kurasa, nikamwambia kwa wiki tatu aandike kila jioni alichofanya siku hiyo na kama kilihitaji mwili wake kuwa ofisini.

Daftari lile ndilo lililoandika barua. Jumatatu wauzaji huleta ankara mkononi. Ijumaa hundi zinasainiwa na fedha taslimu zinatolewa kwa madereva. Ila Jumanne na Alhamisi alikuwa anakaa na kompyuta tu: kuingiza ankara kwenye mfumo, kulinganisha taarifa ya benki na vitabu vya kampuni. Yeye alikuwa ametaka Ijumaa na Jumatatu, na mnajua kwa nini. Bosi yeyote naye angejua kwa nini.

Tukaangalia na kalenda ya mwezi. Kodi ya mishahara lazima iwasilishwe TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT tarehe 20. Kwa hiyo akaandika mwenyewe kwamba tarehe 1 hadi 7, na siku mbili kabla ya tarehe 20, atakuwa ofisini hata ikiangukia Jumanne. Sentensi hiyo moja ilimfaa kuliko kurasa zote mbili za mwanzo, kwa sababu ilionyesha kwamba anaijua kazi kwa macho ya meneja wake.

Kisha nikamkataza kupeleka barua. Kwanza nenda kaongee. Katika ofisi zetu barua inayotangulia maongezi inasomeka kama mashtaka, na ukinakili kwa mkurugenzi ndiyo umeharibu kabisa. Akamwendea baada ya chakula cha mchana, akasalimia, akauliza: "Mzee, kama ningekuwa nafanya hizi za benki nyumbani siku mbili, wewe ungekuwa na wasiwasi na nini?" Halafu akanyamaza. Mzee alitaja mambo matatu: simu isipokelewe, umeme ukatike, na majina na mishahara ya watu izagae mtaani. Akaongeza kwamba pengine awe anawasha kamera kutwa nzima.

La kamera usilikasirikie. Anayetaka kukuona saa zote mara nyingi hana njia nyingine ya kujua kama kazi imekwenda. Mpe njia hiyo. Barua iliyopelekwa baadaye, nikiifupisha, ilikuwa hivi:

"Yah: Ombi la kufanyia kazi nyumbani Jumanne na Alhamisi kwa majaribio ya wiki sita.

Mzee, nashukuru kwa mazungumzo yetu ya jana. Naomba tujaribu kwa wiki sita kama ifuatavyo. Nitakuwa hewani saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, na simu nisiyoipokea nitairudisha ndani ya dakika 15. Asubuhi nitakutumia ujumbe wa kazi tatu za siku, na jioni nitakueleza zilipofika. Umeme au mtandao ukikatika nitakujulisha mara moja. Saa moja ikipita bila kurudi, nitaanza safari ya kuja ofisini. Nitatumia laptopu ya kampuni peke yake, na faili za mishahara hazitatoka kwenye mfumo wa ofisi. Ukiona mpango hauendi, niambie nami nitarudi siku inayofuata, bila kinyongo. Mwisho wa wiki ya sita tukae tutazame pamoja."

Hakuna "husika na kichwa cha habari hapo juu". Mtu mliyeongea naye jana hahitaji kuandikiwa kama wizara.

Sentensi ya kurudi bila kinyongo wengi huiogopa, wanaona wanajifunga kamba wenyewe. Mimi naona ndiyo yenye nguvu zaidi. Bosi hukataa majaribio kwa kuwa anajua kumrudisha mtu ofisini kutakuwa ugomvi. Mwaka fulani niliidhinisha mpango wa mfanyakazi mwingine bila kipimo wala tarehe ya mwisho. Ulipoharibika tulibishana miezi miwili, na kosa lilikuwa langu.

Ahadi zenyewe lazima ziwe za kweli. Laptopu ina betri yake, lakini ruta ikizimika umebaki na mashine tupu. Binti yule alinunua betri ndogo ya ruta ya volti 12, akaweka na laini ya mtandao tofauti kwenye simu, yenye bando la akiba. Nikamsisitizia afunge skrini kila anapoinuka (kitufe cha Windows na L), na asijitumie faili WhatsApp hata kwa dakika moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimsamehe mwajiri kwa sababu mtoto wa jirani ndiye aliyeona mshahara wa watu.

Wiki ya pili umeme ulikatika, akatoa taarifa, ukarudi baada ya dakika arobaini. Mzee hakulalamika. Tatizo lilitokea mahali ambapo hakuna aliyepatazama: wenzake. "Naomba nifungulie kabati, nipigie picha ile hati ya malipo." Nilimwambia ahesabu maombi ya namna hiyo, na wiki ile yalikuwa tisa. Mipango mingi hufia hapo, bosi akiwa ameridhika lakini jirani wa meza amechoka kuwa miguu ya mtu mwingine. Akaanza kupitisha hati zote za kesho kwenye skana kila Jumatatu na Jumatano jioni, na kufikia wiki ya tano maombi yalikuwa mawili.

Kisheria, Tanzania hakuna haki ya jumla ya kudai kufanyia kazi nyumbani, ni makubaliano. Lakini kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka mahali pa kazi na saa za kazi viandikwe, na vikibadilika mwajiri arekebishe maandishi kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha. Ndiyo maana "sawa, endelea" ya mdomoni hutosha kwa majaribio tu. Meneja akihamishwa kesho, anayekuja atakuta mtoro.

Wiki ya sita walikaa. Mzee alikubali siku mbili, ila akabadili Alhamisi kuwa Jumatano kwa sababu Alhamisi ndipo mameneja hukutana, na yeye humhitaji binti awepo na takwimu mkononi. La kamera hakulitaja tena. Barua ya marekebisho niliiandaa mimi: aya mbili, saini mbili, nakala moja kwenye faili la binti.