Ziwa Likiuma, Usimwondoe Mtoto

Nesi, chuchu zimechanika mpaka zinatoa damu. Mama yangu anasema mtoto huyu ana meno ya ndani. Ni kweli?

Hana meno, ana njaa. Amepewa chuchu tupu, basi anaivuta hiyo hiyo aliyopewa. Chuchu ni mdomo wa kutokea maziwa tu. Ili yatoke vizuri, mtoto anatakiwa ajaze mdomo kwa ziwa lenyewe, pamoja na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu. Hapo chuchu inafika nyuma kabisa, kwenye kaakaa laini, na hakuna kinachoibana. Akiishia kwenye ncha, ulimi unaisagia kwenye kaakaa gumu kila anapovuta. Siku 2 za namna hiyo zinatosha kuipasua.

Mtoto akiachia, itazame chuchu papo hapo. Ikitoka mviringo kama ilivyoingia, yuko sawa. Ikitoka bapa, imechongoka upande mmoja au ina mstari mweupe katikati, ujue ilikuwa inabanwa. Wengi wanaokuja kwangu wamenunua mafuta ya kupaka ya aina 3, na hakuna aliyewahi kuangalia chuchu inatokaje.

Sasa nimwekeje? Kila mtu ananielekeza lake.

Kaa uegemee, usiiname. Mpakate tumbo lake litazame tumbo lako, ili asilazimike kupinda shingo. Chuchu ielekee puani kwake, si mdomoni. Mguse mdomo wa juu, kisha subiri. Hapa ndipo mnapokosea wengi: mtoto akifungua mdomo kidogo tu, mama keshasukuma chuchu ndani. Subiri afungue kama anayepiga miayo, halafu mlete yeye kwenye ziwa kwa haraka, kidevu kitangulie. Usilipeleke ziwa kwake.

Akishika vizuri utaona kidevu kimegusa ziwa, mdomo wa chini umepinduka nje na mashavu yamejaa. Weusi utaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Utamsikia akivuta taratibu na kumeza. Ukisikia mlio wa ta-ta-ta, au mashavu yakibonyea ndani, hajashika.

Maumivu ya mivuto ya kwanza yanaweza kuwepo, hasa kama chuchu tayari ina kidonda, lakini yapungue. Yakiendelea, usikaze meno na kuvumilia. Ingiza kidole kidogo kilicho safi pembeni ya mdomo wake, aachie, muanze upya. Hata mara 5. Kumchomoa kwa nguvu ndiko kunakokumalizia ngozi iliyobaki.

Na tafadhali, acheni kulibana ziwa kwa vidole 2 kama mtu aliyeshika sigara. Vidole vinamzuia mtoto asifike kwenye weusi. Lishike kwa kiganja kutoka chini, mbali na chuchu.

Kwenye kidonda nipake nini?

Maziwa yako mwenyewe. Akimaliza kunyonya, kamua matone machache, pakaa, acha yakauke. Usioshe chuchu kwa sabuni kila anaponyonya, na spiriti usiisogeze kabisa, maana ngozi inakauka na kupasuka zaidi. Kitambaa kilicholowa ndani ya sidiria kibadilishe. Mtoto akianza kushika vizuri, nafuu huonekana ndani ya siku chache. Asiposhika vizuri, hakuna mafuta yatakayokusaidia.

Ziwa la kushoto lina sehemu ngumu, nikiigusa inauma. Ni mrija umeziba au ndiyo ugonjwa wa titi wenyewe?

Mrija ulioziba ni donge la sehemu moja, linauma ukiligusa, lakini wewe mwenyewe ni mzima: unakula, unatembea, huna homa. Ukinyonyesha vizuri, mara nyingi hulainika ndani ya siku 1 au 2.

Ugonjwa wa titi ni pale sehemu hiyo inapovimba, kuwa ya moto na kuuma hata hujaigusa, na mwili mzima ukaingia: homa ya 38.5 au zaidi, kutetemeka, viungo kuuma kama umepigwa. Usisubiri kuona wekundu. Ngozi zetu nyeusi hazionyeshi wekundu sawasawa. Utaona inang'aa au imekolea weusi. Weka mgongo wa kiganja kwenye ziwa moja, kisha jingine. Joto utalisikia.

Matiti yote 2 yakijaa na kukaza siku ya 3 au ya 4 baada ya kujifungua, hayo ni maziwa yanaingia. Mnyonyeshe. Weusi ukikaza mpaka mtoto anashindwa kushika, kamua kidogo kwanza ulainike.

Si afadhali nimnyonyeshe ziwa zima tu, hili bovu nilipumzishe? Maziwa yake yatakuwa yameharibika.

Hayajaharibika. Hayachachi ndani ya ziwa, hayageuki sumu, na hayamdhuru mtoto. Ziwa likivimba, maziwa huwa na chumvichumvi kidogo, na mtoto anaweza kukunja uso au kugoma kidogo. Mama akiona hivyo anasema, "Umeona? Kayakataa yenyewe." Kakataa ladha. Mrudishe.

Ziwa halipumziki kama mguu. Maziwa yanaendelea kutengenezwa, na yasipotoka yanajaa, yanabana mishipa, uvimbe unaongezeka, na vijidudu vilivyopitia kwenye ufa wa chuchu vinapata mahali pa kukaa. Ukimwondoa mtoto unalipeleka ziwa kwenye jipu kwa mikono yako. Basi nasema tena: mnyonyeshe ziwa linalouma. Kama huwezi kabisa kuvumilia, kamua kwa mkono kila baada ya saa 2 au 3, umpe kwa kikombe, mpaka uweze kumrudisha.

Usikamue kupita kiasi pia ukidhani utalikausha. Ukilikamua mchana kutwa, ziwa litaelewa kwamba mtoto anahitaji zaidi, litajaza zaidi. Kiasi anachonyonya mtoto kinatosha.

Mwanangu, sisi tulichana ziwa kwa kitana na kulikanda na maji ya moto, na tulipona. Nyie wa siku hizi mnakataza kila kitu.

Shikamoo, mama. Kitana nakikataza, na nitaendelea kukikataza. Kilichoziba si uchafu uliokwama ndani ya bomba ambao utausukuma utoke. Ni nyama iliyovimba inayoibana mirija kutoka nje. Ukiikwaruza na kuikandamiza, inavimba zaidi na kuchubuka. Nimepokea wazazi wenye michirizi ya kitana kwenye ziwa kama shamba lililolimwa, na wengine wana malengelenge ya maji ya moto juu ya ugonjwa waliokuja nao.

Mpake kiganja taratibu tu, kama unayempapasa mtoto, kuelekea kwapani. Baada ya kunyonyesha, mwekee kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika 10 hadi 15. Maji ya uvuguvugu kidogo kabla ya kunyonyesha si mbaya kama yanamsaidia maziwa kushuka, ila yawe ya uvuguvugu kweli. Kwa maumivu, parasetamo vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, au ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8 akishakula, kama hana vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo. Vyote havimkatazi kunyonyesha.

Homa imeanza usiku. Nikisubiri siku 3 nione kama itashuka kuna ubaya?

Upo, na ndio unaonifanya niandike haya. Ziwa linauma na una homa: subira yako mwisho ni saa 24, huku ukinyonyesha na kuweka baridi. Saa 24 zikipita bila nafuu, njoo. Chuchu ikiwa na usaha, au unatetemeka na huwezi kusimama, usisubiri hata hizo.

Alikuja mzazi wa miaka 19, uzazi wa kwanza, mtoto wa siku 16. Chuchu ya kulia ilikuwa na ufa tangu wiki ya kwanza. Ijumaa ziwa likawa na donge. Jirani akamwambia amnyonyeshe upande wa kushoto tu, na jioni wakapitisha kitana. Jumapili homa ikapanda. Nyumbani wakasema malaria, wakanunua dawa mseto bila kupima. Alimaliza vidonge vyote siku 3 huku akitetemeka. Alhamisi amefika kwangu na homa ya 39.4, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, na ziwa la kulia siku 6 halijanyonywa. Nilipogusa katikati ya donge palibonyea, kama unabonyeza embe lililoivia ndani. Lilikuwa jipu.

Angekuja Jumatatu, pengine angeondoka na antibiotiki ya kloksasilini na somo la kumpakata mtoto. Mzazi mwenye homa apimwe malaria, sawa, lakini avue na kanga tulione ziwa. Mkija mnasema "homa" tu na kunyamaza, aibu inawaponza.

Nimepewa antibiotiki. Naendelea kunyonyesha?

Unaendelea. Dawa tunazotoa kwa ugonjwa huu, kama kloksasilini, tunazitoa tukijua unanyonyesha. Kwa kawaida ni miligramu 500 kila baada ya saa 6 kwa siku 10 hadi 14. Siku ya 3 utajisikia mzima. Usiache hapo, na vilivyobaki usimpe wifi yako. Siku 2 zikipita na homa ipo palepale, rudi, huenda dawa haifai au kuna usaha.

Mimi natumia ARV. Na mimi ninyonyeshe ziwa lenye kidonda?

Wewe jibu lako ni tofauti, usifuate la jirani. Chuchu yenye damu na ziwa lenye ugonjwa vinaongeza uwezekano wa mtoto kupata virusi. Mnyonyeshe ziwa zima, hili linalouma likamue mara kwa mara na umwage mpaka lipone, usikose dozi yako wala ya mtoto, na uje kliniki siku hiyohiyo. Kukamua hakuna ruhusa ya kuacha, kwa sababu ileile ya jipu.

Kama limeshakuwa jipu, ndio basi tena ziwa hilo?

Hapana. Usaha hutolewa, ama kwa sindano wakiongozwa na ultrasaundi pale ilipo, ama kwa kupasua, na dawa zinaendelea. Usilitumbue nyumbani. Kama kidonda kiko mbali na mdomo wa mtoto, ananyonya ziwa hilohilo; kama kiko karibu na chuchu, unakamua kwanza. Yule binti alinyonywa usaha kwa sindano mara 2. Wiki ya tatu mtoto alikuwa amerudi ziwa la kulia, kidevu kimegusa, mdomo umepinduka nje. Jirani alikuja naye siku hiyo, akasimama nyuma yangu akitazama namna ya kumweka.