Je, wajua kwa nini bando huisha hata simu ikiwa mfukoni?

"Hii ndiyo simu janja yangu ya kwanza. Jana niliweka bando la GB 1, nikachati kidogo tu, kisha simu ikakaa mfukoni. Leo naambiwa bando limekwisha. Nani kalitumia?"

Si kachati hako, hilo ni hakika. Ujumbe wa maneno matupu huchukua KB chache tu, na KB 1,000 hivi ndizo hufanya MB 1, kisha MB 1,000 hivi ndizo GB 1. Hata ukituma jumbe mia kwa siku, hutaigusa bando hiyo. Aliyeitumia ni programu nyingine ndani ya simu hiyohiyo, na ili kumjua inafaa kwanza kuelewa data inavyosafiri.

Ichukulie simu yako kama ghala lenye geti moja, na getini amekaa karani mwenye mizani. Kila mzigo unaoingia anaupima, na kila unaotoka anaupima. Hana habari na nani kauagiza, wala kama mwenye ghala yuko macho au amelala. Bando ni uzito uliolipia upite hapo getini, na ukitimia, geti linafungwa.

Mizigo yenyewe haiji mizimamizima. Mtu akikutumia picha ya KB 150, inakatwakatwa kuwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, ambavyo kwa kawaida kila kimoja hakizidi baiti 1,500, yaani KB 1.5 hivi. Kwa hiyo picha hiyo moja ni kama pakiti mia moja, na kila moja ina namba yake na anwani ya inakokwenda. Pakiti zinapita kwenye nyaya za mkongo, nyingine chini ya bahari, mpaka kwenye mnara ulio karibu nawe, na mnara unazirusha hewani hadi kwenye simu. Zikifika zimechanganyika, simu inazipanga kwa namba. Ikipungua moja, inaombwa tena. Ndiyo maana mtandao ukiwa dhaifu, video husimama na kuzungukazunguka: simu inasubiri pakiti ambazo hazijafika.

Sasa, nani anaagiza mizigo wakati simu iko mfukoni? Kuna programu zinazosasishwa zenyewe, na sasisho moja tu linaweza kuwa na makumi ya MB. Kuna programu ya picha inayopeleka nakala za picha zako kwenye kompyuta za mbali ziitwazo seva. Picha moja ya kamera inaweza kuwa na MB 3 au zaidi, na hapo mzigo unatoka, lakini karani anaupima vilevile. Kuna pia makundi ya WhatsApp, ambako picha hupakuliwa zenyewe hata kama hujazifungua.

Ila mlaji mkubwa kuliko wote ni video, na huyu hula bando mtu akiwa anatazama bila kujua ukubwa wa sahani. Saa nzima ya video kwa ubora wa chini wa 144p hula takriban MB 100, lakini kwa ubora wa juu wa 720p inaweza kufika GB 1. Programu nyingi huchagua ubora zenyewe kulingana na kasi ya mtandao. Watu husema 4G inamaliza bando, na nadhani chanzo ni hapa: faili lilelile lina uzito uleule kwenye 3G na 4G, lakini programu ikiona njia ni nyeupe inakuletea video nzito zaidi. Programu za video fupi nazo huanza kupakua video inayofuata kabla hujaifikia, na hata usipoitazama, imeshapita getini.

Usikisie, kaangalie. Kwenye Android fungua Settings, tafuta Data usage, kisha gusa jina la programu moja moja. Utaona matumizi yamegawanywa mara mbili: Foreground ni wakati ulipokuwa umeifungua, Background ni wakati haikuwa mbele yako. Tuseme umekuta WhatsApp imetumia MB 20, programu ya video fupi MB 650 za Foreground, na programu ya picha MB 280 za Background. Hapo jumla ni MB 950, na kesi imekwisha: video ulizitazama mwenyewe, picha zilipita ukiwa hujui.

Ile ya picha izimie Background data hapohapo. Ile ya video, ingia kwenye mipangilio yake upunguze ubora. WhatsApp nayo ina sehemu ya Storage and data, na ndani yake When using mobile data. Ondoa alama zote, na kuanzia hapo picha itashuka ukiigusa tu.

Usishtuke hesabu ya simu ikitofautiana kidogo na ya kampuni ya mtandao. Kampuni hupimia kwenye mitambo yake, na kipimo chake ndicho kinachokata bando.