Picha ya Ufa Bila Vipimo Haijibiki

“Je, ni hatari?” Dawati letu la ukaguzi wa majengo hupokea picha za nyufa zenye swali hilo peke yake, na mara nyingi hatuwezi kulijibu. Ukipigwa picha kwa karibu, ufa mwembamba kama unywele na ule unaomeza sarafu huonekana sawa. Weka rula juu ya ufa, kisha rudi nyuma upige picha ya ukuta mzima.

Chukua mfano huu. Ufa unaanzia kona ya juu ya dirisha na kupanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, kuelekea pembe ya nyumba. Juu una upana wa milimita 4, chini milimita 1. Ndani ya chumba upo vilevile, mahali palepale, kwa hiyo umepenya ukuta na si plasta tu. Ufa unaopanuka kadiri unavyopanda hivi hutufanya tushuku kwamba pembe ile ya nyumba inazama. Mlango wa chumba hicho umeanza kukwama, na bomba la mvua linamwaga maji kwenye msingi papo hapo.

Kwa upana peke yake, milimita 4 si balaa. Chini ya 1 kwa kawaida ni suala la plasta na rangi. Kuanzia 5 ukuta unahitaji jicho la mhandisi. Linaloamua ni kama ufa bado unatembea. Piga misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake na uandike pamoja na tarehe. Weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa. Rudia kila wiki. Umbali ukitoka milimita 100 hadi 102 katika wiki nne, msingi haujatulia.

Tafadhali, msizibe ufa kwanza ndipo mtutumie picha! Saruji haizuii msingi kuzama. Inatufutia ushahidi tu. Elekeza maji mbali na msingi, endelea kupima, na uzibe baada ya vipimo kutulia, kipindi cha mvua na cha kiangazi vikiwa vimepita.

Mahali ulipo ufa panaweza kuushinda upana. Ufa wa milimita 1 kwenye nguzo ya zege, wenye madoa ya kutu, unatutia hofu kuliko wa 3 kwenye plasta, kwa sababu nondo inaoza ndani. Zege likimeguka kwenye nguzo, au ukuta wenye ufa wa mlalo ukivimba, usisubiri wiki nne wala majibu yetu ya picha: toeni watu, kisha piga simu. Mkaguzi akiandika amri ya kuhama, amri hiyo huondolewa kwa maandishi baada ya ukaguzi wa pili. Neno la fundi kwamba “sasa iko sawa” haliiondoi, na kurudi ndani kabla ya hapo ni kuivunja.