Mnazi dirishani: kabla hujatuma hela ya kushikia chumba Mbeya

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja ofisini kwetu, kitengo cha ushauri wa wanafunzi, akiwa ametoka stendi ya Nane Nane na begi lake mkononi. Alikuwa ametokea Mtwara. Wiki mbili kabla ya kusafiri alimpata dalali kwenye kundi la wasapu, akaoneshwa picha za chumba "Ikuti, dakika tano kutoka chuoni", kodi shilingi 50,000 kwa mwezi. Dalali akamwambia: "Dada, kuna watu watatu wanakitaka. Tuma laki moja ya kushikia, nyingine utamalizia ukifika." Akatuma. Alipofika, simu haipatikani na nyumba haipo.

Nilimwomba anioneshe zile picha. Chumba kizuri, kimepakwa rangi, juu kuna pangaboi, na nje ya dirisha unaonekana mnazi. Kwa mtu wa Mtwara mnazi dirishani ni jambo la kila siku, ndiyo maana hakushtuka. Lakini jiji la Mbeya liko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na minazi haistawi huku. Nje ya dirisha la Mbeya utaona migomba, miparachichi au mikaratusi. Na nyumba za kupanga za huku nadra kukuta pangaboi, maana mwezi wa 6 na wa 7 watu wanalala na mablanketi mawili. Picha ile haikupigwa jijini Mbeya.

Naianza na picha kwa sababu ndiyo kitu pekee ambacho mtu aliye mbali anacho mkononi, na tapeli anajua hivyo. Usiishie kuitazama. Mwambie dalali apige simu ya video akiwa ndani ya chumba, kisha atoke, apite mlangoni, afike barabarani na akuoneshe milima inayosimama juu ya jiji upande wa kaskazini. Mwambie arudi ndani akuoneshe mita ya luku na bomba la maji likiwa limefunguliwa. Dalali wa kweli atalalamika kidogo kuhusu bando, lakini atafanya. Tapeli atakuwa na sababu: kamera mbovu, ufunguo uko kwa mwenye nyumba, au mpangaji aliyemo hataki usumbufu.

Hata hivyo simu ya video inathibitisha kwamba chumba kipo tu. Haikwambii kama huyo anayekionesha ana mamlaka nacho. Hapo wengi wanateleza, kwa sababu dalali halisi pia anaweza kupokea hela ya watu wanne kwa chumba kimoja. Kinachohitajika ni kumpata mwenye nyumba mwenyewe, na njia ya uhakika ni serikali ya mtaa. Uliza jina la mtaa na jina kamili la mwenye nyumba. Kisha mtafute mtu mmoja aliye Mbeya, awe ndugu, mwanafunzi anayeendelea au mtu wa kanisani au msikitini kwenu, aende kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa aulize: nyumba hii ni ya nani, na huyu ndiye anayeipangisha? Wenyeviti wanawajua watu wao. Akipita pia kwa mpangaji wa chumba cha jirani, atasikia mambo ambayo dalali hatakwambia: kama maji yanatoka kila siku, luku inagawanywa vipi, na mageti yanafungwa saa ngapi.

Kama huna mtu wa kumtuma, usitume hela. Njoo siku tatu kabla ya usajili, ulale lojing, utafute chumba kwa miguu yako. Hata ukilipa 20,000 kwa usiku, siku hizo tatu ni 60,000, na binti wa Mtwara alipoteza 100,000 bila kulala popote. Najua shinikizo lilivyo wakati wa kufungua vyuo, vyumba vya karibu na Iyunga vinaisha haraka kweli. Lakini ukisogea hadi Nzovwe au upande wa Mwanjelwa bado utapata, utaongeza nauli tu.

Kanuni tunayowapa wanafunzi ni hii: hela na ufunguo vikutane siku moja, na mkataba uwe katikati. Kwa vyumba vya kawaida huku, desturi ni kodi ya miezi 3, 6 au 12 kwa mkupuo, pamoja na hela ya dalali, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Dipoziti ya uharibifu utaikuta zaidi kwenye nyumba nzima au zenye samani. Ukitajiwa dipoziti kwa chumba kimoja kitupu, uliza ni ya nini, itarudishwa lini, na iandikwe. Unapolipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa si jina la mwenye nyumba lililo kwenye mkataba, simama hapo hapo.

Sasa mkataba. Mikataba mingi ya vyumba ni ukurasa mmoja wa kununua steshenari, na sentensi inayowaumiza wanafunzi imo humo: "Kodi ikishalipwa hairudishwi." Ukiwa umelipa miezi 6 kuanzia tarehe 1 Novemba, ukahama Januari kwa sababu umepata hosteli, miezi mitatu iliyobaki, yaani 150,000, imekwenda. Kabla ya kusaini, omba iongezwe sentensi moja: mpangaji akitoa taarifa ya mwezi mmoja na kupatikana mpangaji mwingine, kodi iliyobaki irudishwe. Wenye nyumba wengi wanakubali, kwa sababu hawapotezi kitu.

Piga pia hesabu ya likizo. Kodi ya mwaka mzima ni 600,000, lakini kama utakaa miezi 10 tu, chumba kinakugharimu 60,000 kwa mwezi uliokaa. Kwa hiyo chumba cha 55,000 ambacho mwenye nyumba anakubali umlipe miezi 10 pekee ni nafuu kuliko cha 50,000 cha mwaka.

Ukitapeliwa, piga 100 kwa mtandao wako mara moja uombe muamala uzuiwe. Inawezekana tu kama hela haijatolewa, kwa hiyo dakika zina thamani. Kisha nenda polisi upate RB, na meseji ya tapeli itume 15040. Namba hiyo hiyo itumie ukipata meseji ya "mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie kwenye namba hii". Mpigie mwenye nyumba wako kwenye namba ya kwenye mkataba kwanza.

Yule binti hela yake haikurudi, ilikuwa imeshatolewa siku ile ile. Alilala lojing usiku mbili, siku ya tatu akapata chumba Nzovwe kwa mama mmoja mjane. Walisainia ofisi ya mtaa, kila upande na shahidi wake, ikaandikwa namba ya NIDA ya kila mmoja, kiasi kilicholipwa, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwamba kioo cha dirisha kilikuwa tayari kimepasuka. Alikipiga picha kile kioo, akaituma Mtwara kwa mama yake pamoja na picha ya mkataba wenye muhuri.