Mkondo wa jeti haupulizi baridi

"Baridi ikizidi huko kaskazini, si ni ule upepo wa jeti umeshuka na barafu ya ncha ya dunia?"

Haushuki. Mkondo huo hukimbia kilomita 9 hadi 12 juu, kwenye anga za ndege kubwa, ukielekea mashariki kwa kasi inayoweza kupita kilomita 200 kwa saa. Upo kwa sababu hewa baridi ya ncha imepakana na hewa yenye joto, kwa hiyo uone kama mpaka kuliko feni.

Mpaka huo hujipinda kama mto. Ukijipinda kuelekea kusini, hewa ya ncha hujaa ndani ya kona hiyo na watu walio chini yake hutetemeka. Ukipanda kaskazini, joto huingia.

Kwa kawaida kona hizi husogea, na hali hubadilika baada ya siku chache. Balaa ni zikigoma. Julai 2010 kona ya kaskazini ilikwama juu ya magharibi mwa Urusi. Chini yake hewa ilikuwa ikididimia, na hewa ikididimia hubanwa, hupata joto na kufukuza mawingu. Udongo ukakauka; jua likakosa maji ya kuvukiza, nguvu yake yote ikaishia kuchemsha hewa. Moskva ikafika nyuzi 38. Upande wa mashariki, mkondo uleule ulijipinda kusini na kuchochea mvua zilizofurika Pakistani.