Sifuri mbili ni 00 au 02? Kuitaja namba ya simu kwa mdomo

Kutaja namba ya simu ni kazi tofauti na kuhesabu. Ukihesabu pesa, 7 ya mwanzo kwenye 700 ni mia saba, na sifuri zake mbili hazitamkwi kabisa. Kwenye namba ya simu kila tarakimu imesimama peke yake. Saba ni saba tu popote ilipokaa, na kila sifuri lazima isikike kwa sababu kuna mtu upande wa pili anayebonyeza kitufe kimoja kimoja. Utata huanza pale mtajaji anapochanganya mitindo miwili: anataja tarakimu moja moja, kisha akifika kwenye zinazojirudia anaanza kuzihesabu.

Tuchukue "sifuri mbili". Katika Kiswahili idadi hufuata jina la kitu: vikombe viwili, siku tatu, sifuri mbili. Kwa hiyo anayesema "sifuri mbili" akiwa na maana ya 00 hajakosea sarufi hata kidogo. Lakini anayetaja 02 tarakimu moja moja naye atasema maneno hayohayo, kwa mpangilio uleule. Vivyo hivyo "saba mbili" ni 77 kwa mmoja na 72 kwa mwingine, na "sifuri tatu" ni 000 au 03. Mtajaji haoni shida yoyote kwa kuwa namba ipo mbele ya macho yake. Msikilizaji hana isipokuwa sauti.

Hebu tuitazame namba yenye mkia wa 700 077. Tarakimu nne za mwanzo naziacha makusudi, isije ikawa namba ya mtu. Mama mmoja yuko kwa wakala, anataka kumtumia mwanawe hela. Ameshataja zile nne, sasa anamalizia.

"Saba, sifuri tatu, saba mbili."

Wakala anaandika 7, 0, 3, 7, 2. Anatazama skrini. "Mbona zimekuja tisa, mama? Imepungua moja."

"Ah, sifuri zenyewe ni tatu, baba."

Wakala anarekebisha: 7, 0, 0, 0, 7, 2. Sasa zimetimia kumi, namba imekamilika, na bado si yenyewe. Mama alimaanisha 77 mwishoni, wakala amebaki na 72. Huduma nyingi za kutuma pesa huonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, na hapo ndipo mama anaposhtuka: "Huyo simfahamu!" Asingesomewa jina, hela ingekwenda kwa mwenye namba nyingine.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei. Tunadhani zinazojirudia mara tatu ndizo hatari zaidi kuliko jozi, kumbe ni kinyume chake. "Sifuri tatu" ikieleweka vibaya, msikilizaji anaandika tarakimu mbili badala ya tatu, namba inapungua, na upungufu unaonekana. "Saba mbili" ikieleweka vibaya, anaandika 72 badala ya 77: mbili kwa mbili. Hesabu inatimia, na hakuna kinachomshtua mtu. Kwa hiyo kuhesabu kama zimefika kumi ni ukaguzi mzuri wa sifuri tatu, ila kwa jozi haukusaidii chochote.

Ndiyo maana jozi ni bora kuitamka ilivyo: "saba saba", "sifuri sifuri". Ni silabi chache tu na haina tafsiri ya pili. Wengine husema "dabo saba", na hiyo nayo ni salama kwa anayeizoea, kwa sababu "dabo" hutangulia na haifanani na jina la tarakimu yoyote. "Mara" pia hufaa, "sifuri mara mbili", lakini iangalie inapofuatwa na tarakimu iliyo sawa na idadi yenyewe. 002 ukiitaja "sifuri mara mbili, mbili", msikilizaji anaweza kudhani ile mbili ya mwisho umerudia tu kusisitiza. Hapo sema "sifuri sifuri, halafu mbili", yaishe.

Kwa tatu na kuendelea, kurudia tarakimu yenyewe kunaanza kuchosha sikio. Mtu akisikia "tano tano tano tano" kwa haraka, hana uhakika kama zilikuwa nne au tatu. Hapa napenda zaidi namna ambayo watu wengi tayari wanaitumia bila kuifikiria: "sifuri ziko tatu", "tano ziko nne". Hilo "ziko" linafanya kazi kubwa. Linamwambia msikilizaji kwamba neno linalofuata ni idadi, si tarakimu ya kuandika. Mama wa kwa wakala angesema "saba, sifuri ziko tatu, halafu saba saba", asingerudishwa hata mara moja.

Mfululizo mrefu una tatizo jingine, nalo ni pumzi. Namba huandikwa kwa mafungu, nne kisha tatu kisha tatu, na wengi hupumua yanapoishia mafungu. Sasa mkia ukiwa 555 551, mtajaji anasema "tano tano tano", anapumua, anaendelea "tano tano moja". Kwa kuwa tumezoea kurudia tulichosema ili mwenzetu akisikie vizuri, msikilizaji anaweza kuichukua ile "tano tano" ya pili kama marudio, akaandika 5551 na kubaki akisubiri. Dawa yake ni kutofuata mafungu. Fuata mfululizo: "tano ziko tano, mwisho moja". Ukiona "tano ziko tano" inakwama mdomoni, sema "tano ziko tatu, halafu tano nyingine mbili, mwisho moja". Neno "nyingine" linamhakikishia kwamba hurudii, unaongeza.

Sifuri ina mtego wake mwingine kwa wanaopenda kutaja kwa makumi na mamia. "Hamsini na sita" ni 56, lakini "hamsini, sita" ni 506, na tofauti yake ni "na" moja inayomezwa na kelele za stendi. "Mia saba na saba" ni 707, na sifuri ya katikati haikutamkwa popote. Msikilizaji anatakiwa aizalishe mwenyewe kichwani. Fungu likiwa mviringo kabisa, kama 300, "mia tatu" haina neno. Likiwa na kitu mbele ya sifuri na kitu nyuma yake, taja moja moja.

Kuita ile alama "sifuri", "sufuri" au "ziro" hakuna madhara, kila mmoja anaeleweka. "O" ndiyo ningeiacha: ni fupi mno, inapotea simuni, na anayeandika namba pamoja na herufi, mfano namba ya usajili wa gari, ataiandika herufi.

Imebaki sifuri ya mwanzo. Hii wengi huiruka, wanaanza moja kwa moja na saba au sita, na kwa anayepiga akiwa nchini msikilizaji huijaza mwenyewe. Lakini kwa ndugu aliyeko Muskati au London, sifuri hiyo haitakiwi kabisa. Msimbo wa nchi unachukua nafasi yake: +255 kwa Tanzania, +254 kwa Kenya, +256 kwa Uganda, kisha zinafuata tarakimu tisa zilizobaki. Anayeambiwa "weka mbili tano tano mbele" bila kuambiwa aondoe sifuri ataandika 2550, na simu haitaita. Kwa hiyo mtajie hivi: "Jumlisha, mbili, tano tano, sifuri usiweke, anza na saba."