Thredi nane kwenye kiini kimoja

Mwenzangu kazini alikuwa na programu ya kupakua picha 40 kutoka seva ya mbali na kuzipunguza ukubwa. Kila picha ilichukua sekunde 4: sekunde 3 za kungoja seva ijibu, na sekunde 1 ya hesabu za kupunguza. Kwa kuzishughulikia moja baada ya nyingine, jumla ilikuwa sekunde 160. Akaigawa kazi kwa thredi 8, yaani mifululizo minane ya amri ndani ya programu ile ile, muda ukashuka hadi 43. Akafurahi, akaweka thredi 16. Muda ukabaki pale pale, 43.

Mashine yake ilikuwa na prosesa ya kiini kimoja, na jibu lote limo humo.

Kiini kina rejista moja inayoonyesha amri inayofuata iko wapi kwenye kumbukumbu, pamoja na rejista chache za kushikia namba zinazofanyiwa kazi. Kwa hiyo kinafuata mfululizo mmoja tu wa amri. Thredi nyingine ikitaka nafasi, mfumo endeshi huisimamisha ya kwanza, huhifadhi rejista zake zote, kisha hupakia za ile ya pili. Zamu hizi huwa za milisekunde chache tu, ndiyo maana kwa macho yetu kazi zote zinaonekana kusonga pamoja. Huku ndiko kupokezana: kazi kadhaa zimeshaanza, hakuna iliyokwisha, lakini kwa wakati wowote inayotekelezwa ni moja. Kwenda sambamba ni jambo jingine. Huko amri za kazi mbili zinatekelezwa kwa wakati ule ule, na hilo linahitaji vifaa viwili vya kuzitekeleza. (Ziko prosesa ambazo kiini kimoja kina seti mbili za rejista na hujitambulisha kwa mfumo endeshi kama viwili. Lakini seti hizo zinagombania vikokotozi vile vile, kwa hiyo usitarajie kasi maradufu.)

Sasa, kama kiini ni kimoja, zile sekunde 117 ziliokolewa wapi? Kwenye kungoja. Thredi ikishatuma ombi kwa seva, haina la kufanya. Mfumo endeshi huitoa kwenye foleni, na kadi ya mtandao ndiyo itakayokishtua kiini jibu likifika. Kungoja hakutumii kiini hata kidogo, kwa hiyo kungoja kwa picha nane kunaweza kulaliana. Hesabu hazilaliani. Picha 40 kwa sekunde 1 kila moja ni sekunde 40 za kiini, upende usipende. Ongeza sekunde 3 za mwanzo, ambapo hakuna picha iliyofika bado, unapata 43. Kwa thredi 8 kiini kilikuwa kimeshajaa, na zile 8 za ziada zilikuja kupanga foleni tu.

Kwenye Linux jambo hili unaliona kwa amri ya `time`. Yeye alipata hivi:

```
real  0m43.120s
user  0m40.034s
```

`real` ni muda wa saa ya ukutani, `user` ni muda ambao viini vilitumika kutekeleza programu yenyewe. Tulipoihamishia kwenye mashine ya viini viwili, `real` ilishuka hadi karibu 23 na `user` ikabaki karibu 40. Ukiona `user` imeizidi `real`, jua kazi zilikwenda sambamba kweli. Kwenye kiini kimoja chenye seti moja ya rejista haiwezi kuizidi. (Lugha aliyotumia inaruhusu thredi kukimbia kwenye viini tofauti. Python ya kawaida, kwa mfano, hairuhusu thredi mbili kutekeleza msimbo wa Python kwa wakati mmoja, hata viini viwe vingi.)

Kuna kosa ambalo ningependa kila anayeandika thredi alijue. Programu yake ilikuwa na kihesabio cha picha zilizokwisha. Siku moja, kwenye mashine ile ile ya kiini kimoja, kikasoma 39 ilhali folda ina picha 40. Alikuwa hajaweka kufuli, ile njia ya kuruhusu thredi moja tu kwa zamu kugusa kihesabio, kwa hoja kwamba kiini kimoja hakifanyi mambo mawili kwa pamoja. Mstari wenyewe ni huu:

```
n = n + 1
```

Kwa macho ni hatua moja, lakini kwa prosesa mara nyingi ni tatu: soma `n`, ongeza moja, andika. Thredi ya kwanza inasoma 20, kisha zamu yake inakatwa hapo hapo. Ya pili inasoma 20, inaandika 21. Ya kwanza inarudi na ile 20 yake kwenye rejista, inaongeza moja, nayo inaandika 21. Picha mbili zimekwisha, kihesabio kimepanda mara moja tu. Hakuna kilichokwenda sambamba hapo. Kupokezana peke yake kumetosha kuharibu hesabu. Tulizungushia kufuli mstari ule, na muda wa jumla haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana.